Kibarua cha rafiki kimeota nyasi: namna ya kumwandikia salamu ya kumpa nguvu bila kumdanganya (mwongozo kamili)

Siku niliyopunguzwa kazi, mchana kama saa nane hivi, meseji ya kwanza kuingia ilitoka kwa rafiki yangu kabisa, na alikuwa hajui kitu. Kaandika "Mambo mkuu, za kazi?" Nikamjibu "Poa, nzuri tu." Yaani nimekaa kitandani na viatu, boksi la vitu vyangu vya ofisini lipo sakafuni, halafu nzuri tu. Sikuwa na nia ya kumficha, vidole vilijiandikia vyenyewe.

Baadaye ndo nikaja kuelewa kilichotokea. Salamu zetu karibu zote zimekuja na jibu lake mfukoni. Mambo, poa. Habari, nzuri. Hujambo, sijambo. Hata mtu anayeumwa anaanza na "nzuri" halafu ndo anaongeza "ila tu homa kidogo". Siku za kawaida hakuna shida, ila mtu ambaye kazi imekatika leo ukimtumia "mambo vipi" unamlazimisha achague, ama akudanganye kwa neno moja ama akupinge na aanze kusimulia, na hana nguvu ya kusimulia. Wengi wanachagua uongo. Na akishakwambia poa, kurudi nyuma kukwambia ukweli ni kazi nyingine.

Sasa bahati nzuri tuna neno moja ambalo halipo hivyo. Pole. Pole haiulizi kitu, haiahidi kitu, haisemi mambo yatakuwa mazuri, na jibu lake ni "asante" basi, jibu rahisi kuliko yote kwa mtu aliyechoka. Kwa hiyo huu mwongozo wote naujenga juu ya hilo neno, jinsi ya kuliweka mwanzoni halafu usiliharibu kwa yale yanayofuata. Nazungumzia meseji ya kwanza kwa rafiki wa kweli, mtu mnayejuana, sio barua ya ofisi.

Kabla hujaandika chochote

Jiulize umejuaje. Kama kakwambia mwenyewe, safi, unajibu. Kama umesikia kwa mtu, muulize huyo mtu kwanza kama aliruhusiwa kusema, maana kuna watu hawajaambia hata nyumbani bado, na meseji yako inaweza kuingia simu ikiwa mkononi mwa mwenza wake. Ikiwa haieleweki kama ni siri au la, andika kwa namna ambayo mtu mwingine akiisoma haitoi habari, kitu kama "nimekukumbuka leo, nipo hewani muda wowote", halafu subiri. Usijifanye hujui ukaanza na mambo vipi ili akuambie mwenyewe, huo ni mtego na ataujua tu siku moja.

La pili, kazi imeishaje. Kupunguzwa, mkataba kuisha bila kuongezwa, kufukuzwa kwa kosa, kusukumwa mpaka ukaandika barua mwenyewe, hivi ni vidonda tofauti. Kama hujui, usibahatishe neno. Mtu aliyepunguzwa ukimwandikia "nimesikia umefukuzwa" umemwongezea aibu ambayo haikuwepo. Andika tu "habari ya kazini". Na ule msemo wa kibarua kuota nyasi nilioweka juu pale, ni mtamu lakini mwachie mwenyewe autumie kwanza, wewe ndo ukianza unamcheka.

Muda: siku hiyohiyo au kesho yake. Ukiipata habari saa sita usiku lala, mtumie asubuhi, hakuna kitakachoharibika.

Meseji yenyewe, tuiandike pamoja

Nichukue kisa cha kweli, nimebadilisha vitu vidogo asitambulike. Rafiki yangu, tunafahamiana miaka mingi, alikuwa msimamizi wa stoo kwenye kampuni moja kwa miaka 6. Jumatatu saa tatu asubuhi wakaitwa, wakaambiwa kitengo kinafungwa, saa tano alishakabidhi funguo na kutoka getini. Mtu mkimya, hapendi kuonewa huruma, na anamsomesha mdogo wake. Jioni saa moja rafiki yetu wa pamoja akanipigia, akasema jamaa kamwomba atuambie sisi wa karibu ili yeye asirudie hadithi. Nikashika simu. Hii ndo niliyoandika mara ya kwanza, na nashukuru sikuituma:

> Mambo kaka. Daah nimepata taarifa za kushtua sana, nimeumia mno, sijui hata niseme nini. Ila usijali, Mungu ana makusudi yake, mlango mmoja ukifungwa mwingine unafunguka. Wewe ni jembe, utapata kazi nzuri kuliko hiyo. Jikaze. Afadhali hata umepumzika na yule bosi wako. Ukihitaji chochote niambie. Kwani imekuwaje?

Ukiisoma haraka inaonekana ina upendo, na kweli ninampenda, ila twende nayo taratibu.

"Mambo" tumeshaimaliza. "Nimeumia mno, sijui niseme nini" inanihusu mimi. Yeye ndo kapoteza kazi halafu sasa inabidi anitulize, na watu wakimya ndo wanavyofanya, wanaanza kukwambia "usijali kaka yataisha", yaani mfiwa anawafariji waombolezaji. "Usijali" ni amri, na ni amri asiyoweza kuitii, kodi na ada haziangalii kama anajali au hajali.

"Mungu ana makusudi" naomba nieleweke vizuri hapa. Sina ugomvi na imani, na yeye ni mtu wa dini kuliko mimi. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mtu kulisema hilo mwenyewe akiwa ndani ya shida, na wewe ambaye mshahara wako unaingia mwisho wa mwezi kumsemea. Akilisema yeye itikia amina, wala usimtangulie.

Halafu "utapata kazi nzuri kuliko hiyo". Hii ndo inayoonekana nzuri kabisa na ndo inayoleta madhara ya mbali. Umetoa ahadi juu ya kitu usichokishika. Miezi mitatu ikipita hajapata, au kapata ya mshahara wa chini, anaanza kukukwepa, kwa sababu kila akikuona anaona ule utabiri wako umekaa pale unamsubiri. Nilifanyiwa hivi na mimi, kuna mtu nilimkimbia karibu nusu mwaka na hakunikosea chochote, aliniamini sana tu.

"Afadhali" na ndugu yake "angalau" zote zina kazi moja, kupunguza ukubwa wa kilichotokea. Angalau una afya, angalau huna watoto, afadhali hukufukuzwa. Ukiona moja kati ya hizo imeingia kwenye meseji yako futa sentensi nzima usijaribu hata kuirekebisha. Ndo maana hata bosi mbaya nimemtoa, huwezi kujua, wapo wanaolia kwa kumkosa bosi waliyekuwa wanamsema kila siku.

"Ukihitaji chochote niambie" inampa kazi aliyekosa kazi. Afikirie anahitaji nini, apime kama sio kikubwa sana, achague maneno, ameze aibu, aombe. Hataomba. Na "kwani imekuwaje" ni kumrudisha kwenye kile chumba cha saa tatu asubuhi wakati kamtuma mtu makusudi ili asirudi huko.

Nikafuta vyote. Kilichobaki kilikuwa neno "kaka".

Nikaja na ya pili, na hii naitaja kwa sababu ukishaogopa maneno matamu ni rahisi kuangukia upande mwingine:

> Kaka pole. Hali ya ajira sasa hivi ni ngumu sana, kuna watu wanakaa hata mwaka, kwa hiyo jiandae kisaikolojia, punguza matumizi mapema, na hakikisha wamekulipa stahiki zako zote.

Hakuna uongo humo, ila ni kama umemfuata mtu kwenye maji ukamsomea kina chake. Ukweli wa usiku ule haukuwa takwimu za ajira. Ukweli wa usiku ule ulikuwa kwamba kilichotokea ni kibaya na mimi nipo. Ushauri wa matumizi ana akili ya kuufikia mwenyewe, na labda alishaufikia kabla hajatoka getini.

Ya tatu ndo niliyoituma:

> Kaka, pole sana. Mwenzetu kaniambia jioni hii, kasema ulimruhusu. Miaka sita halafu ndani ya masaa mawili unakabidhi funguo, hiyo inauma na sina cha kuipunguza. Nimekumbuka ule mzigo uliopotea uliotusimulia, ulivyofuata karatasi moja moja mpaka ukaukuta. Kile kichwa umetoka nacho. Jumatano saa kumi na moja jioni nitapita kwako tutembee kidogo, kazi tuiongelee au tusiiongelee, utakavyo. Kama hutaki mtu andika "bado" na sitanuna. Leo hii meseji haihitaji jibu.

Maneno sabini hivi, na sikushauri uzidi themanini. Tuangalie kila kipande kinafanya nini, ukijua kazi yake unaweza kuandika ya kwako kwa lugha yako, usiinakili hii.

Pole inakuja kwanza, na mara moja tu. Pole tatu nne mfululizo zinakuwa msiba.

Halafu nimejua nini na kutoka kwa nani. Hii inamwondolea kazi ya kukupa habari na inamwondolea wasiwasi kwamba zinazunguka mtaani.

Kisha kutaja kilichotokea kwa jina lake, na kitu kimoja cha kwake. Mimi nilitaja miaka sita na masaa mawili. "Sina cha kuipunguza" ni sentensi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, nilitaka kuweka kitu cha kutia moyo pale, kila nilichoweka kilikuwa kinanuka. Nikaamua kukiri tu. Baadaye aliniambia hapo ndo alipokaa chini.

Halafu sifa, moja, ya kweli, ya mtu huyu tu. Kuna kipimo chepesi: hiyo sentensi ukiweza kumtumia rafiki mwingine yeyote bila kubadilisha neno, ifute. "Wewe ni jembe" unaweza kumtumia mtu yeyote. Mzigo uliopotea ni wa kwake peke yake. Na chagua kitu ambacho hakikuachwa ofisini, usimsifie cheo wala jinsi ile kampuni ilivyomtegemea, maana leo imethibitika kinyume na itaonekana kama dhihaka. Chukua tabia, ujuzi, namna anavyofanya mambo. Kama hukumbuki hata kimoja, acha sifa kabisa, meseji inasimama bila hiyo.

Kisha kitu kimoja unachokwenda kufanya, chenye siku na saa. Hapa natulia kidogo maana ndo panapobeba meseji nzima.

Kile kitu kimoja

Msaada mzuri kwenye meseji ya kwanza una sifa hizi: una mwanzo na mwisho, unaweza kuufanya hata asipojibu, na ukiurudia wiki ijayo hautakuumiza. Kutembea naye saa moja. Kwenda naye kuchukua vitu vyake kama bado viko ofisini, kuingia lile geti peke yako tena ni kitu kigumu kuliko watu wanavyodhani. Kukaa na watoto wake asubuhi moja aende kufuatilia mambo yake. Vidogo hivi vinamfikia haraka kwa sababu hahitaji kuvirudishia shukrani kubwa.

Usiandike "nitakuunganisha na watu" kama huna jina la mtu kichwani na hujaongea naye. Hii ndo ahadi inayotolewa zaidi na inayofia njiani zaidi. Ila kama unalo jina kweli, hata la mtu unayeonana naye mara moja moja, basi usilidharau, lihifadhi kwa meseji ya baadaye. Kuna mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha makala yake maarufu akionyesha kwamba kati ya waliopata kazi kupitia mtu, wengi walipitia kwa mtu wanayeonana naye mara chache tu, na walioambiwa na rafiki wa kila siku walikuwa wachache. Sababu yake inaeleweka, sisi wa karibu tunajua habari zilezile anazojua yeye, yule wa mbali ndo anasikia za upande wa pili. Kwa hiyo mchango wako kwenye kutafuta kazi mara nyingi ni wale watu wako ambao yeye hawajui, lakini hiyo ni kazi ya wiki ya pili, usiku wa kwanza hauna nafasi ya hilo.

Pesa. Kama unataka kumpa, mpe, ila usiichanganye kwenye hii meseji. Ukichanganya, pole yako inageuka utangulizi wa muamala. Siku nyingine, ana kwa ana au kwa ujumbe mwingine, sema ni kiasi gani na sema ni zawadi au ni mkopo, kwa maneno yasiyo na kona. "Utanirudishia ukiweza" inaonekana ya kiungwana ila inamwachia deni lisilo na tarehe, na deni la hivyo linaua urafiki kimyakimya.

Neno la kutokea nalo ni muhimu. Lile "bado" nililompa. Mtu asiyetaka kuonana na watu kwa kawaida inabidi atunge sababu, nimebanwa, sijisikii vizuri, nina mgeni. Ukimpa neno moja tayari umemtoa kwenye uongo mwingine. Na ukimwambia haihitaji jibu, maanisha, usije baada ya masaa matatu na "umeiona meseji yangu?"

Maandishi, sauti au kupiga?

Maandishi kwanza. Ukipiga anatakiwa ashike sauti yake isitetemeke, na wengine hawataki usikie. Voisi noti ni nzuri kwa wale mliozoea kutumiana, ila isizidi nusu dakika, kwa sababu hawezi kuipitisha macho haraka ajue ina nini, anabaki kuiogopa. Na kwenye grupu usianzishe wewe. Nimeshaona mtu anawekewa pole kwenye grupu la watu hamsini, hamsini wote wanabandika emoji ya kulia, na nusu yao walikuwa hawajui mpaka muda ule.

Kidogo kwa wale mliobaki ofisi hiyohiyo, mwenzako kaondoka wewe upo. Usimwambie "una bahati, sisi tumebaki na mzigo". Najua unachoka kweli. Tafuta mtu mwingine wa kumwambia. Na usimpelekee umbea wa nani kakalia kiti chake mpaka aulize.

Akijibu, au asipojibu

Kisa changu, tiki za bluu zilitokea palepale, halafu kimya. Kimya hicho hakina maana mbaya, kumbuka mwenyewe umesema haihitaji jibu. Saa sita usiku ikaja "Asante. Jumatano njoo." Ningekuwa sijapata kitu, Jumatano asubuhi ningetuma mstari mmoja tu, "Leo saa kumi na moja ipo", na kama asingeandika lile neno "bado" ningeenda, ningekaa nje kidogo, asipotoka ningerudi nyumbani na kumwambia nimepita.

Akijibu "niko poa kaka", usibishane naye. Wapo watu wanaandika "hapana najua hauko poa, niambie ukweli", wanadhani ni ukaribu. Mwache na poa yake, mjibu "sawa, Jumatano ipo palepale." Mlango umeuacha wazi na hujamvua nguo.

Akija na hasira, aya ndefu ndefu, kawataja wote mmoja mmoja, soma mpaka mwisho kabla hujaandika. Usimtetee bosi ("labda na wao walibanwa") na usimwage petroli pia. Chukua kitu kimoja alichosema kisha kirudishe kwa maneno yako, mfano "yaani wewe ndo ulimfundisha huyo na yeye ndo aliyesoma majina". Anajua umesoma. Kama anatishia kuposti kila kitu usiku huohuo, mwambie aandike kwanza akutumie wewe, mtaisoma asubuhi. Hivyohivyo kwa karatasi, mara nyingi watu wanapewa makubaliano ya kuondoka na wanasukumwa wasaini haraka, hapo ndo ushauri wa haraka una thamani: aombe muda wa kuisoma, asisaini akiwa kwenye mshtuko, na amtafute mtu anayejua sheria za kazi za huko aliko kabla ya kuweka jina.

Akitania, cheka. Akisema kibarua kimeota nyasi hadi miti, basi sasa na wewe una ruhusa.

Kuna jibu moja linalobadilisha kila kitu. Akiandika mambo kama "bora nisingekuwepo", "mtapumzika nikiondoka", au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga watu kwa namna isiyoeleweka, acha kuandika, piga simu au nenda. Muulize wazi kabisa kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii hilo wazo, wengi wanapata unafuu kuulizwa. Usimwache peke yake, mtafutieni mhudumu wa afya au huduma ya dharura ya hapo mlipo.

Sisi Jumatano tulitembea kama saa moja na nusu. Kuhusu kazi tuliongea labda dakika kumi, na ilikuwa njiani kurudi.

Wiki ya tatu

Hapa ndo wengi tunapotea. Wiki ya kwanza simu haitulii, ya tatu hakuna mtu, na mwenyewe hajapata kitu cha kusimulia. Mwaka 1931 na 1932 kundi la watafiti, akiwemo Marie Jahoda, walikaa kwenye kijiji cha Marienthal kule Austria ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa kinaajiri karibu kila mtu kilikuwa kimefungwa. Ungetegemea watu wenye muda wote ule wangesoma zaidi, kumbe vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume walianza kutembea polepole, wanasimamasimama njiani, siku imekuwa ndefu halafu haina mshiko. Jahoda baadaye aliandika sana kwamba kazi pamoja na mshahara inampa mtu mpangilio wa siku na watu wa kuonana nao, na vyote vinaondoka kwa pamoja.

Ukilijua hilo unaona salamu ya wiki ya tatu inatakiwa ibebe nini. Kazi huwezi kumpa, mshahara huwezi, ila siku moja yenye umbo unaweza. Ile Jumatano yetu niliigeuza ya kudumu, saa kumi na moja, kila wiki, hata nikiwa sina la kusema. Kama mko miji tofauti, simu ya dakika kumi na tano siku ileile saa ileile inafanya kazi hiyohiyo.

Na swali la kuepuka wiki hiyo ni "umepata?" Fupi, la upole, na kila akilijibu "bado" anasikia kama kafeli mtihani. "Vipi kuna mwanga wowote" ni lilelile limevaa suti. Akipata utakuwa wa kwanza au wa pili kujua, usijali. Badala yake tumia salamu zile chache zisizokuja na jibu tayari. "Umeshindaje leo?" mtu anaweza kuijibu kwa kitu alichofanya, nimefua, nimeenda kwa fundi, nimelala tu. Yote ni majibu halali. Meseji yangu ya wiki ya tatu ilikuwa hivi:

> Umeshindaje leo? Sikuulizi habari ya kutafuta, ukitaka kuisema utaisema. Kesho ipo kama kawaida. Pia kuna mtu nilisoma naye anasimamia stoo ya kampuni nyingine, siahidi kitu, nikimpa namba yako ni sawa au niache?

Ona hapo: jina nilikuwa nalo kweli, nilishaongea na huyo mtu kabla, nimesema siahidi, na nimeomba ruhusa. Akasema niache kwanza. Nikaacha. Wiki mbili mbele akaniuliza mwenyewe kama bado nina ile namba.

Kama umeshachelewa

Hii inatokea sana kuliko tunavyokiri. Ulisikia, ukakosa maneno, ukasema kesho, ikawa mwezi, sasa unaona aibu na kila siku inayopita inaongeza uzito. Wengine wanangoja mpaka apate kazi ndo waje na hongera, na hongera ya hivyo inauma zaidi ya kimya. Hapa unabadilisha mwanzo tu. Pole inabaki, unakiri kuchelewa kwa sentensi moja bila kujieleza ulivyobanwa, maana ukijieleza sana unarudi kwenye lile kosa la kumfanya akutulize wewe, halafu unaweka siku na saa:

> Dada, pole sana na habari ya kazini. Nilisikia toka mwezi uliopita nikakosa maneno nikanyamaza, na hapo nimekukosea. Sikuulizi umefikia wapi. Jumamosi saa nne asubuhi niko huru mpaka mchana, nakuja kukuona. Kama hutaki andika "bado", nitauliza tena wiki ijayo.

Isome mara moja kuangalia kama "afadhali" haijapenya, halafu itume.